Nyaraka zote, zikiwa kamili

Barua ya kwanza niliyoiandika nikiwa mkaguzi wa ndani ninayo mpaka leo. Ni nakala tu, ya asili ilibaki kwenye jalada la halmashauri niliyoanzia kazi. Ina ukurasa mmoja na robo. Ilikwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mkuu wa Idara ya Afya, na kichwa chake ni hiki: YAH: UKAGUZI WA MATUMIZI YA MAFUTA NA MAGARI, OKTOBA HADI DESEMBA. Aya ya pili inasema: "Unaombwa kuwasilisha nyaraka zote zinazohusu matumizi ya mafuta na magari ya idara yako, zikiwa kamili, ndani ya siku saba. Kutowasilisha kutachukuliwa kuwa ni hoja ya ukaguzi."

Nilijivunia sentensi ile ya mwisho. Niliona ina meno, maana hoja huandikwa kwenye taarifa ya ukaguzi na idara hulazimika kuijibu. Ilinichukua karibu mwezi mzima na kitabu kimoja cha uongo kuelewa kwamba barua yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kwamba nusu ya yale niliyokwenda kuyakamata nilikuwa nimeyaagiza kwa maandishi.

Kwa asiyeijua kazi hii: halmashauri haimsubiri Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali peke yake. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inataka hesabu za halmashauri zikaguliwe pia na mkaguzi wa ndani aliyeajiriwa na halmashauri yenyewe. Huyo ndiye mimi. Nina chumba kwenye korido ileile ya wakuu wa idara, tunapanga foleni moja kwa mama ntilie, na mishahara yetu ikichelewa inachelewa pamoja. Mamlaka ya kuona nyaraka ninayo, na hakuna mkuu wa idara anayeweza kuninyima kisheria. Lakini kuwa na haki ya kuona na kuletewa kitu cha kweli ni mambo mawili, na katikati yake ndipo inapokaa barua.

Barua hutangulia ukaguzi wa uwandani kwa sababu rahisi. Ukifika idarani bila kuomba kitu mapema, siku mbili za mwanzo zinaishia kwenye "aliyebeba ufunguo yuko semina". Kwa hiyo unaandika, unataja unachohitaji, unatoa muda, halafu unakwenda ukikuta meza imeshapangwa. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa fuatilia barua yangu ile ilivyosafiri. Ilitoka kwangu kwa dispachi, ikasainiwa masijala. Masijala ikaipa namba ya folio, ikaingizwa kwenye jalada, jalada likapelekwa kwa Daktari. Daktari alikuwa kwenye vituo vya afya vya tarafa ya juu. Aliporudi siku ya tatu akaandika dokezo pembeni kwa wino mwekundu: "Mhasibu, shughulikia." Mhasibu wa idara akaandika chini yake: "Afisa Usafirishaji, tafadhali." Afisa Usafirishaji hayuko Idara ya Afya, yuko Utawala, kwa hiyo jalada likarudi masijala kupelekwa upande wa pili wa jengo. Hapo zilikuwa zimebaki siku mbili kati ya saba. Maneno yaliyomfikia dereva, kwa mdomo, hayakuwa yale ya barua yangu. Aliambiwa: "Mkaguzi anataka daftari la gari likiwa limejazwa lote, keshokutwa, la sivyo ni hoja."

Na dereva akalijaza.

Daftari la safari za gari, ambalo madereva wenyewe wanaliita logibuku, ni kitabu kikubwa chenye jedwali: tarehe, anakotoka, anakokwenda, madhumuni ya safari, kilometa za kuanzia, kilometa za kumalizia, mafuta yaliyowekwa, saini ya dereva, saini ya aliyetumia gari. Linatakiwa kukaa ndani ya gari. Lililokaa ndani ya gari utalijua kabla hujalifungua. Jalada lake limepinda kwa joto la kwenye dashibodi, kurasa zina alama za vidole vyenye grisi, na wino hubadilika kila baada ya mistari michache kwa sababu kalamu za kwenye gari hazidumu. Lile nililoletewa siku ya saba lilikuwa limenyooka kama kitabu cha majibu ya mtihani. Miezi mitatu, kalamu moja ya bluu, mwandiko ulioanza vizuri na kuchoka kuelekea Desemba.

Hilo peke yake si ushahidi. Mtu anaweza kuwa msafi, na kalamu inaweza kudumu. Nikaanza kupiga hesabu.

Leja ya mafuta ilionyesha kwamba gari lile, Landikruza la kusambazia chanjo na kufanyia usimamizi, lilichukua lita 1,150 za dizeli kwa robo ile. Daftari lilianza na kilometa 41,260 na kumalizia 50,460. Yaani kilometa 9,200. Gawanya kwa 1,150, unapata 8 kamili. Si 7.9, wala 8.1. Nikashuka mstari kwa mstari: lita 40, kilometa 320; lita 60, kilometa 480. Gari hilohilo, likipanda milima kwa matope ya Desemba au likiteleza kwenye lami ya Oktoba, lilikula mafuta kwa kipimo kimoja kama mashine ya kusaga. Na kila usomaji wa kilometa ulimalizikia na sifuri. Ukitaka kujua kama namba zimetoka kwenye dashibodi au kichwani, angalia tarakimu ya mwisho. Dashibodi haipendelei sifuri kuliko saba.

Hata hapo bado ulikuwa wasiwasi tu. Kilichofunga kesi hakikutoka Idara ya Afya kabisa. Nilikuwa Hazina, ofisi ya fedha ya halmashauri, nikipitia vocha za malipo ya matengenezo, nikakuta vocha ya gari lile. Nyuma yake palikuwa na kadi ya kazi ya gereji, ile karatasi ambayo fundi anaijaza gari linapoingia: namba ya gari, tatizo, kiasi cha mafuta kwenye tangi, kilometa. Gari liliingia 4 Novemba likiwa na kilometa 43,980. Lilitoka 19 Novemba likiwa na 43,992, zile 12 za nyongeza ni za fundi kulijaribu. Daftari langu safi lilisema kwamba 4 Novemba gari lilikuwa na kilometa 44,660, na kwamba kati ya tarehe 5 na 18 lilifanya safari sita. Sita, gari likiwa juu ya mawe halina gia boksi.

Nilitoka Hazina nikiwa na furaha mbaya. Yeyote aliyewahi kukamata kitu anaijua. Nilishaanza kuiandika hoja kichwani nikitembea: nyaraka za kughushi, safari hewa, lita za mafuta zilizoibwa.

Dereva yule alikuwa mtu mzima, amebakiza miaka miwili kustaafu. Nilimwita ofisini. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayesubiri sindano. Nikaweka daftari na kadi ya gereji mezani. Aliangalia kadi muda mrefu kuliko daftari.

"Mwanangu," akasema, "hili si lenyewe."

"Lenyewe liko wapi, mzee?"

"Lenyewe halikuwepo. Liliisha Septemba. Niliomba jipya, nikaambiwa hakuna fungu. Wewe umesema likamilike, nimelinunua stesheneri kwa hela yangu, nimelikamilisha."

Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti kidaftari cha shule, kile chenye jedwali la kuzidisha nyuma, kimefungwa kwa mpira. Kila safari aliyoifanya tangu Oktoba ilikuwemo humo, kwa penseli. Mahali, kilometa, lita. Siku nyingine aliandika jina la zahanati kwa herufi tatu tu. Siku ya 9 Desemba, ambako daftari safi lilikuwa na safari ya usimamizi, kidaftari kilikuwa na neno moja: "Uwanjani", na kilometa 6. Ilikuwa sikukuu ya Uhuru, alimpeleka Daktari kwenye sherehe. Kilometa za tarehe 31 Desemba zilikuwa 48,310, si 50,460.

Nikapiga hesabu upya kwa kidaftari. Wakati gari liko gereji, leja ilikuwa imetoa lita 212 kwa jina lake. Ukiziondoa hizo, lililoingia kweli kwenye tangi ni lita 938. Kilometa za kweli ni 48,310 toa 41,260, yaani 7,050. Gawanya: kilometa 7.5 kwa lita, gari kuukuu la milimani. Ndivyo Landikruza linavyotakiwa kula. Mzee yule hakuwa ameiba hata nusu lita.

Na zile 212? Lita 148 zilikwenda kwenye gari la wagonjwa na jenereta ya chumba cha baridi cha chanjo. Umeme ulikuwa umekatika siku nne na hakuna aliyekuwa na muda wa kubadilisha jina kwenye hati. Lita 64 hazikupatikana maelezo, na zikabaki hoja halali mpaka zilipolipwa. Hoja yenyewe ilikuwa hiyo: lita 64, na idara kuendesha gari miezi mitatu bila daftari rasmi. Ile nyingine, ya kughushi, ilikuwa kubwa zaidi kuliko zote na ilizaliwa siku tano baada ya barua yangu kufika.

Mwenzangu wa halmashauri ya jirani nilipomsimulia alisema kughushi ni kughushi, na dereva angeweza kukataa. Ni kweli, na sikuifuta kwenye taarifa. Lakini soma tena aya yangu ya pili ukiwa dereva. "Nyaraka zote." "Zikiwa kamili." "Kutowasilisha kutachukuliwa kuwa ni hoja." Hakuna mahali popote ambapo mtu mwaminifu mwenye daftari lililoisha Septemba angeweza kuandika jibu lake. Nilikuwa nimeacha mlango mmoja tu wazi, na ulielekea stesheneri.

Siku hizi barua zangu ni ndefu kidogo na laini zaidi, na zinakamata zaidi. Nitaweka hapa sehemu ya katikati ya moja, ya mafuta vilevile, idara nyingine, nikiwa nimeondoa vitambulisho:

"2. Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani kitafanya ukaguzi wa mafuta na magari ya idara yako kwa kipindi cha Oktoba hadi Desemba. Kazi ya uwandani itaanza tarehe 17 Februari. Ili kupunguza usumbufu siku hiyo, naomba yafuatayo yaandaliwe ifikapo tarehe 12:

(a) Orodha ya magari, pikipiki na jenereta zote za idara, zikiwemo zilizo gereji na zisizotembea.

(b) Leja ya mafuta ya kipindi hicho, kitabu chenyewe.

(c) Vitabu vyote vya hati za kuombea mafuta vilivyotumika, pamoja na vishina na hati zilizoharibika.

(d) Madaftari ya safari za magari jinsi yalivyo siku ya kupokea barua hii. Tafadhali yasijazwe wala kunakiliwa upya. Kama dereva ana kumbukumbu nyingine ya aina yoyote, iambatishwe.

3. Kwa kila kipengele, naomba ijazwe fomu iliyoambatishwa kwa neno moja: ipo, haipo, au iko kwa mwingine (amtaje). Jibu la 'haipo' likitolewa kabla ya tarehe 12 litaandikwa kwenye taarifa kama lilivyotolewa na idara yenyewe.

4. Mwenye maswali awasiliane nami moja kwa moja. Nakala ya barua hii amepewa Afisa Usafirishaji na Mhasibu wa Idara ili waanze maandalizi."

Nitasema kwa nini kila kitu kimekaa pale, kwa sababu maneno yenyewe ni ya kawaida na mtu anaweza kuyapita.

Kipengele (a) ni orodha kwa makusudi. Zamani nilikuwa nikiomba mifano: "leteni madaftari ya magari matano." Anayechagua matano ni nani? Ni wao. Ninachotaka kwanza ni kundi lote, halafu mimi nichague nje ya macho yao, na sampuli yangu waijue siku nimefika. Na orodha yenyewe lazima niipime kabla ya kuiamini. Naichukua naisimamisha pembeni ya rejista ya mali za kudumu iliyo Hazina. Gari lililo kwenye rejista na halipo kwenye orodha ndilo ninaloanza nalo asubuhi. Mara nyingi limekufa, liko nyuma ya jengo linaota majani. Lakini liulize leja kama limekufa kweli, maana niliwahi kukuta pikipiki iliyoanguka mtoni miezi minane nyuma ikiendelea kunywa lita 10 kila wiki.

Kwenye (c) neno lenye kazi ni vishina, vile vipande vyenye namba vinavyobaki kitabuni hati ikishachanwa. Hati zikiletwa zenyewe, zimepangwa vizuri kwenye faili, huwezi kujua zilizokosekana. Vitabu vikija na vishina, namba za mfululizo zinasema zenyewe. Safari moja niliweka vitabu mezani: 0451 hadi 0500, 0501 hadi 0550, halafu 0601 hadi 0650. Kitabu kizima cha hati hamsini kilikuwa hakipo, na hakuna aliyekuwa amegundua. Kilipatikana kwenye kabati la mratibu wa chanjo aliyekuwa likizo ya uzazi. Hati zake 31 zilikuwa zimetumika, zote kwa halali, na hakuna hata moja iliyokuwa imeingizwa kwenye leja. Leja ilikuwa imejumlishwa, ikasainiwa na kupigwa muhuri bila hizo.

(d) nimeshaieleza, imenigharimu. Naongeza tu kwamba kumbukumbu za pembeni za watu wa chini ndizo nyaraka bora kabisa katika kazi hii. Madereva, walinzi wa geti, watunza stoo, karibu kila mmoja ana kidaftari. Anakiandika kwa ajili ya kujilinda yeye, siku atakapoulizwa. Kwa hiyo hana sababu ya kukidanganya. Lakini hakuna atakayekitoa kama barua haijasema kwamba kinaruhusiwa, kwa sababu amefundishwa kwamba serikalini karatasi isiyo na nembo si karatasi.

Utaona pia nisichoomba. Siombi vocha za malipo kwa mkuu wa idara, kwa kuwa hazikai kwake, zinakaa Hazina. Ukimwomba atamtuma karani akazitoe, akazipange, na katika kupanga karatasi zinadondoka. Siombi taarifa ya kituo cha mafuta kwake vilevile. Naiandikia barua nyingine kwa kituo chenye mkataba, kupitia kwa Mkurugenzi, na jibu linaletwa kwangu. Kadi za gereji ni hivyohivyo. Nyaraka iliyopita mikononi mwa anayekaguliwa ina uzito wake, na ile isiyopita ina uzito mwingine. Kama kadi ya gereji ningeiomba Idara ya Afya ile mara ya kwanza, sina hakika ningeiona.

Kuna kitu kingine hakimo kwenye barua wala hakitakiwi kuwemo. Asubuhi ya siku barua inapotoka, kabla sijaishusha masijala, nazunguka maegesho na kalamu. Nasimama dirishani kwa kila gari, nasoma kilometa, naandika na saa. Inachukua robo saa, walinzi wameshazoea na wananiita mnunuzi wa magari. Hizo namba nazifungia. Chochote kitakachoandikwa baadaye kwenye daftari lazima kikubaliane na asubuhi ile. Mafuta yaliyo kwenye mapipa stoo nayo nayapima siku hiyohiyo bila kumwambia mtu. Ukishatangaza kwamba utapima pipa, utalikuta limejaa.

Eneo moja bado linanipa shida, nalo ni gari la wagonjwa. Ili kuthibitisha safari zake lazima nione daftari la rufaa la kituo, kwa sababu humo ndimo mlimo na saa ya mgonjwa kuondoka na hospitali aliyopelekwa. Lakini humo mna jina la mgonjwa na ugonjwa wake, na hayo hayanihusu. Barua zangu za awali zilisema tu "leteni daftari la rufaa", na likaja, likakaa mezani kwangu wiki nzima, ofisi ambayo kila mtu anaingia kuazima stepla. Nikikumbuka nasikia aibu. Siku hizi naandika kwamba daftari lisitoke kituoni. Nitalifuata, muuguzi atafunika safu ya majina kwa karatasi, nami nitanakili tarehe, saa na mahali. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo halihitaji tena mjadala na mtu, ingawa wauguzi walikuwa wananikatalia hata kabla ya sheria, na walikuwa sahihi.

Kuhusu nakala kwa Mkurugenzi, wakaguzi hatukubaliani. Wapo wanaoweka nakala kwa Mkurugenzi kwenye kila barua, ili mkuu wa idara aogope. Mimi naona Mkurugenzi anatakiwa ajue ukaguzi unaanza, na hilo analijua kwa barua yake tofauti na kwenye mpango wa mwaka uliopitishwa na Kamati ya Ukaguzi. Nakala kwenye ombi la nyaraka nimeiweka akiba. Ikitoka mara ya kwanza, mara ya pili huna kitu cha kupandishia sauti. Afadhali nakala iende kwa Afisa Usafirishaji na mhasibu, kwa sababu nimeshaona jalada linavyotembea. Siku zile zilizopotea njiani nilizipata zote kwa kubadilisha mstari huo mmoja.

Tarehe nazo. Usiandike "ndani ya siku saba", andika tarehe. Siku saba kuanzia lini? Kwangu zilianza niliposaini, kwa Daktari zilianza aliposoma, kwa dereva hazikuwahi kuanza. Na nikipanga tarehe naangalia kalenda ya idara, si yangu. Kuiomba Idara ya Afya nyaraka wiki ya kampeni ya chanjo, au Idara ya Elimu wiki ya mitihani ya darasa la saba, ni kuomba ujibiwe na mtu aliyeachwa ofisini kwa sababu hana kazi ya maana.

Lile neno "haipo" lilileta ubishi ofisini kwetu. Mkuu wangu wa kitengo wa wakati ule aliniambia nawafundisha watu njia ya kukwepa: mtu ataandika haipo kila mstari, akalale. Nilimjibu tujaribu robo moja. Ukweli ni kwamba "haipo" iliyosainiwa na mkuu wa idara ni nzito sana. Akishaandika kwamba daftari halipo tarehe 11, hawezi kulileta tarehe 25 likiwa jipya, hilo limefungwa. Na hoja inajiandika: idara yenyewe imekiri kwamba gari lilitembea bila kumbukumbu. Hakuna wa kubishana naye kwenye kikao cha kufunga ukaguzi. Wanaoandika haipo kila mstari wapo, ni kweli, na hao nakwenda kwao kwanza. Lakini ni wachache kuliko nilivyoogopa. Mkuu wa idara anayeweza kukiri upungufu wake kwa neno moja, kabla hajabanwa, mara nyingi ameshaanza kuurekebisha, anachotaka ni karatasi ya kumwonyesha Mkurugenzi ili fungu litoke.

Daktari yule nilirudi kwake robo mbili baadaye, kwa barua mpya. Sikutegemea mapokezi mazuri. Alikuwa amejibu hoja ya kughushi mbele ya kamati kwa niaba ya dereva wake, amesimama, na hakunitupia jicho hata mara moja.

Fomu ilirudi tarehe 10, siku mbili kabla. Alikuwa ameijaza mwenyewe, kwa wino wake mwekundu. Orodha ya magari: ipo. Leja: ipo, haijajumlishwa mwezi wa Juni. Vitabu vya hati: vipo vitatu, cha nne kiko kwa mratibu wa malaria, namtaja hapa. Daftari la gari la chanjo: lipo, limepatikana Machi. Daftari la pikipiki ya kata ya mbali: haipo, dereva anaandika kwenye simu, mwiteni. Daftari la jenereta: haipo, halijawahi kuwepo, tunaomba mtuambie linafananaje.

Chini kabisa, nje ya jedwali, alikuwa ameongeza mstari: "Kidaftari cha mzee kimeambatishwa. Anakihitaji kesho saa moja asubuhi, ana safari." Na kilikuwemo kwenye bahasha, kipya, na mpira uleule.